Kikao kimoja, kanda tatu za saa: jinsi ya kupanga muda wa haki pale ukanda mmoja unaposogeza saa

Chukua timu ndogo iliyotawanyika New York, Dubai na Tokyo, yenye kikao cha saa nzima kila wiki. Mwezi Julai mtu wa New York anapanga kikao kianze 8:00 asubuhi kwake. Dubai inakuwa 16:00, Tokyo inakuwa 21:00. Wote wanakubali, ingawa Tokyo anakubali shingo upande. Ikifika Novemba, New York wanarudisha saa nyuma. Kalenda ya mtu wa New York bado inasema 8:00, kwake hakuna kilichobadilika. Lakini Dubai kikao kimehamia 17:00, na Tokyo kimehamia 22:00 na kinamalizika 23:00 usiku. Aliyesogeza saa hakuguswa na chochote. Aliyeumia ni yule ambaye saa yake ya ukutani haijabadilishwa hata kidogo, tena ndiye aliyekuwa na mzigo mkubwa tangu mwanzo.

Hilo ndilo jambo la kushughulikia hapa. Kubadilisha muda kutoka ukanda mmoja kwenda mwingine ni kujumlisha na kutoa tu, na simu yoyote itakufanyia. Kinachoitaka akili yako ni swali la nani abebe usumbufu saa zinapobadilika, na jibu lake lisipoamuliwa mapema, kalenda itaamua yenyewe na kumpendelea yule aliyetuma mwaliko. Nitatumia miji hiyo mitatu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ni mfano mgumu: kutoka New York hadi Tokyo kuna saa 13 au 14, na Dubai iko kati. Ukiuweza huu, mingine itakuwa rahisi.

Jambo moja kabla ya kuanza. Saa zote humu nimeandika kwa mtindo wa saa 24 unaoanza usiku wa manane, ili 8:00 isisomwe kuwa saa nane. Fanya hivyo hivyo kwenye mwaliko wako. Anayesema "saa mbili asubuhi" na anayesoma "8:00" wanazungumzia muda uleule, lakini mwaliko ulioandikwa "saa 2" unaweza kuwakutanisha watu kwa tofauti ya saa sita.

## Hatua ya kwanza: andika tofauti mbili za ukanda unaobadilika, si moja

Kila ukanda hupimwa kutoka UTC, saa ya kimataifa ambayo haisogezwi. Dubai iko mbele ya UTC kwa saa 4 mwaka mzima. Tokyo iko mbele kwa saa 9 mwaka mzima. Japani iliwahi kusogeza saa majira ya joto kuanzia 1948 hadi 1951, kisha ikaacha. New York ina sura mbili: iko nyuma ya UTC kwa saa 5 majira ya baridi, na kwa saa 4 majira ya joto.

Tarehe za mabadiliko hayo zimewekwa na sheria ya Marekani, na utaratibu wa sasa umetumika tangu 2007. Saa husogezwa mbele Jumapili ya pili ya Machi, ambapo 2:00 usiku inaruka na kuwa 3:00. Hurudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, ambapo 2:00 inakuwa 1:00 tena. Mwaka 2026 tarehe hizo ni 8 Machi na 1 Novemba, na mwaka 2027 saa zinasogezwa mbele tarehe 14 Machi. Hesabu wiki utaona kwamba majira ya joto ya saa ndiyo marefu: wiki 34 kati ya Machi na Novemba 2026, kisha wiki 19 tu hadi Machi inayofuata. Kwa hiyo anayepanga kikao kwa kutazama Januari peke yake anapanga kwa ajili ya sehemu ndogo ya mwaka.

Ukishaandika hayo, yatumie kwa majina kamili ya kanda jinsi kompyuta inavyoyajua: `America/New_York`, `Asia/Dubai`, `Asia/Tokyo`. Majina hayo hubeba sheria nzima ya mahali, pamoja na tarehe za kusogeza saa. Vifupisho vya herufi tatu viepuke. Watu wengi huandika EST mwaka mzima wakimaanisha "saa za New York", ilhali EST ni saa za majira ya baridi pekee, na za majira ya joto ni EDT. Mwaliko wa Julai ulioandikwa "8:00 EST" ukisomwa na programu inayofuata herufi kama zilivyo, utawekwa 13:00 kwa UTC badala ya 12:00, na Tokyo atatakiwa kuingia 22:00. Vifupisho vingine vina wenyewe zaidi ya mmoja: IST hutumika Uhindi, Israeli na Ayalandi.

## Hatua ya pili: pata mipaka ya kila mtu kwa alama

"Tutafute muda unaomfaa kila mtu" ni kauli isiyopimika, na kati ya Tokyo na New York muda huo haupo. Unachohitaji ni kipimo cha usumbufu ambacho wote watatu wamekikubali kabla hawajaona ratiba yoyote. Mimi hupendelea ngazi chache sana, kwa sababu ngazi nyingi huleta ubishi juu ya nusu alama. Hizi zinatosha:

- Kikao kikiwa kati ya 8:00 na 18:00 kwa saa za mahali pako, alama 0.
- Kikigusa 7:00 hadi 8:00 asubuhi, au 18:00 hadi 20:00 jioni, alama 1.
- Kikigusa 6:00 hadi 7:00 asubuhi, au 20:00 hadi 22:00 usiku, alama 3.
- Kati ya 22:00 na 6:00 pamefungwa. Hapawekwi kikao cha kawaida hata kama mtu amejitolea.

Kuruka kutoka 1 hadi 3 ni kwa makusudi. Vikao vitatu vya 7:00 asubuhi havichoshi kama inavyochosha mara moja kuamka gizani au kukatiza usiku wa familia. Na unahesabu muda wote wa kikao, si mwanzo wake tu: kikao kinachoanza 21:30 na kuisha 22:30 kimeingia palipofungwa.

Ngazi hizo zirekebishwe na wenyewe. Mzazi anayeandaa watoto wa shule anaweza kuona 7:00 asubuhi ni nzito kuliko 21:00 usiku, naye ana haki ya kugeuza alama zake. Ila waulize mmoja mmoja, kwa maandishi, si mbele ya kikao. Ukiuliza mbele ya wote, mgeni kazini au mwenye cheo cha chini atasema "mimi muda wowote sawa", na kauli hiyo ndiyo itakayomfanya akeshe mwaka mzima.

## Hatua ya tatu: tafuta nafasi zilizo wazi, mara mbili

Sasa pitia saa 24 za UTC ukiondoa kila saa inayomwangusha mtu palipofungwa. Unafanya hivyo mara moja kwa majira ya joto, na mara nyingine kwa majira ya baridi, kama kwamba ni timu mbili tofauti. Watu wengi huruka hatua hii, na hapa ndipo ratiba nyingi zinapoharibika.

Anza na Tokyo na Dubai, kwa kuwa mipaka yao haibadiliki. Tokyo anataka kikao kiwe kimekwisha 22:00 kwake, yaani 13:00 kwa UTC, na kisianze kabla ya 6:00 kwake, yaani 21:00 kwa UTC ya siku iliyotangulia. Dubai hataki kabla ya 6:00 kwake, yaani 2:00 kwa UTC. Ukiunganisha hao wawili, kinachobaki ni kuanzia 2:00 hadi 13:00 kwa UTC.

Ndani ya dirisha hilo mlete New York. Majira ya joto, 6:00 asubuhi yake ni 10:00 kwa UTC, na 22:00 usiku wake ni 2:00 kwa UTC. Kwa hiyo upande wa asubuhi yake kuna nafasi tatu za kuanza: 10:00, 11:00 na 12:00 kwa UTC. Upande wa usiku wake hakuna kitu, maana muda unaofungwa kwa New York ndio huohuo unaofunguliwa kwa Dubai, hawapishani hata kwa dakika.

Majira ya baridi mambo yanageuka. 6:00 asubuhi ya New York sasa ni 11:00 kwa UTC, kwa hiyo nafasi ya 10:00 imekufa. Lakini 22:00 usiku wake imesogea hadi 3:00 kwa UTC, na hivyo kumefunguka nafasi ambayo majira ya joto haikuwepo: 2:00 hadi 3:00 kwa UTC. Hiyo ni 21:00 usiku New York, 6:00 asubuhi Dubai na 11:00 asubuhi Tokyo.

Kusogeza saa moja tu kumefunga mlango mmoja na kufungua mwingine. Ndiyo maana kuchukua ratiba ya majira ya joto na kuisukuma kwa saa moja hakutoshi. Orodha ya nafasi zenyewe imebadilika.

## Hatua ya nne: pa alama, kisha panga zamu

Nafasi zinazostahili kutazamwa ni tatu. Nimezipa herufi ili tuzitaje kwa urahisi.

| Nafasi | UTC | New York | Dubai | Tokyo |
|---|---|---|---|---|
| A, majira ya joto | 12:00 | 8:00, alama 0 | 16:00, alama 0 | 21:00, alama 3 |
| A, majira ya baridi | 12:00 | 7:00, alama 1 | 16:00, alama 0 | 21:00, alama 3 |
| C, majira ya joto tu | 10:00 | 6:00, alama 3 | 14:00, alama 0 | 19:00, alama 1 |
| B, majira ya baridi tu | 2:00 | 21:00 ya jana yake, alama 3 | 6:00, alama 3 | 11:00, alama 0 |

Utauliza 11:00 kwa UTC imekwenda wapi, maana inaonekana ndiyo ya katikati. Kwa kipimo hiki haimpunguzii mtu mzigo. Majira ya joto inampa Tokyo alama 3 zilezile za nafasi A, na juu yake inamwongezea New York alama 1. Majira ya baridi inawapa wote wawili 3. Muda wa katikati hupendwa kwa sababu unaonekana kama maelewano, na mara nyingi ni njia ya kuwachosha wawili badala ya kupumzisha mmoja kila wiki. Kama Tokyo wenyewe wamesema 20:00 ni nyepesi sana kuliko 21:00, basi alama zao zitaonyesha hivyo na 11:00 itarudi mezani.

Zamu sasa zinajipanga. Majira ya joto mnapokezana A na C. Katika kila vikao viwili New York anabeba 3, Tokyo anabeba 4, Dubai hana kitu. Majira ya baridi mnapokezana A na B. Katika kila vikao viwili New York anabeba 4, Dubai 3 na Tokyo 3.

Twende mwaka mzima. Kikao ni Jumatano, kwa tarehe ya Tokyo na Dubai, kuanzia 11 Machi 2026 hadi 10 Machi 2027, mkianza kila msimu na nafasi A. Majira ya joto yana Jumatano 34, yaani A 17 na C 17. Majira ya baridi yana Jumatano 19, yaani A 10 na B 9. New York anakusanya alama 51 majira ya joto na 37 majira ya baridi, jumla 88. Tokyo anakusanya 68 na 30, jumla 98. Dubai anakusanya 27, zote za majira ya baridi.

Pengo la New York na Tokyo linazibika. Kila ukigeuza kikao kimoja cha majira ya joto kutoka A kuwa C, New York anaongezewa 3 na Tokyo anapunguziwa 2. Geuza viwili, na wote wawili wanafika 94. Chagua Jumatano mbili ambazo watu wa New York wenyewe wamesema hawana shida nazo, basi.

Pengo la Dubai halizibiki kwa saa. Aliye katikati ya ramani hupata nafuu ambayo hakuitafuta, na kumlazimisha aamke 5:00 ili tu alama zilingane ni kumtesa bila kumpunguzia mtu mwingine chochote. Mimi huona haki hapo ni kumpa kazi badala ya kumnyang'anya usingizi: Dubai aandae ajenda, aandike kumbukumbu za kikao na kuzituma kabla Tokyo hawajaamka. Tokyo anayejua kwamba kumbukumbu nzuri zitakuwepo asubuhi anaweza pia kuacha kuhudhuria kikao cha A ambacho ajenda yake haimhusu, na hilo linampunguzia mzigo kuliko hesabu yoyote ya saa.

Angalia vitu viwili kabla hujafunga ratiba. Kwanza, siku. Nafasi B ikiwa Jumatano Tokyo, New York ni Jumanne usiku. Ukiiweka Jumatatu, New York watakuwa kikaoni Jumapili usiku, na alama hazitakuonyesha ubaya huo kwa sababu zinapima saa peke yake. Jumatano au Alhamisi ni salama kwa wote.

Pili, wiki ya mabadiliko yenyewe. Mwili haubadiliki siku moja na saa ya ukutani. Jumatano inayofuata baada ya kusogeza saa mbele mwezi Machi, kikao cha 6:00 New York mwili unakisikia kama 5:00. Ndiyo sababu nilisema kila msimu uanze na A. Kwa mpangilio wa hapo juu, mwaka 2026 hilo linatokea lenyewe, lakini 2027 inabidi uingilie: tarehe 10 Machi ni A, na 17 Machi ingekuwa C, siku tatu tu baada ya saa kusogezwa. Ifanye A tena, kisha mrudishie Tokyo deni lake kwa C mbili mfululizo mwezi Aprili.

## Hatua ya tano: funga kikao kwenye saa isiyosogea

Kila mfululizo wa vikao kwenye kalenda una ukanda wake wa saa, hata kama hukuuchagua. Usipouchagua, kalenda huchukua ukanda wa aliyeunda mwaliko. Mwaliko ukiundwa na mtu wa New York, umefungwa kwa `America/New_York`, na kila Machi na Novemba ni Dubai na Tokyo watakaosogezwa ili 8:00 ya New York ibaki 8:00.

Funga kwa `Asia/Dubai`. Hapo A ni 16:00 Dubai mwaka mzima, C ni 14:00 na B ni 6:00. Saa zikisogezwa New York, ni New York pekee wataona muda wao umehama, na uhamaji huo mlishauhesabu kwenye alama. Ungeweza kufunga kwa UTC, na kwa hesabu matokeo ni yaleyale. Naipendelea Dubai kwa sababu mbili. Kalenda nyingi hufanya iwe rahisi kuchagua mji, na mtu halisi anaishi kwenye saa hiyo, kwa hiyo hitilafu ikitokea kuna atakayeiona mara moja.

Tengeneza mifululizo mitatu tofauti, si mmoja unaohaririwa kila msimu. A inajirudia kila baada ya wiki mbili kuanzia 11 Machi 2026, bila kukatika. C inajirudia kila baada ya wiki mbili kuanzia 18 Machi, na uiwekee tarehe ya mwisho, 28 Oktoba. B inaanza 11 Novemba na kuisha 3 Machi 2027. Tarehe hizo za mwisho ndizo kinga yako. C isiyo na mwisho itaendelea hadi Novemba na kumwita mtu wa New York 5:00 alfajiri, na B isiyo na mwisho itamweka kikaoni hadi 23:00 usiku ikifika Machi.

Usiandike saa za miji mingine ndani ya kichwa cha mwaliko, mfano "8:00 New York / 21:00 Tokyo". Maandishi hayabadiliki saa zinapobadilika, na ikifika Novemba kichwa kitasema kitu kimoja na kalenda kingine. Andika "Kikao A, 16:00 Dubai" na uiachie kalenda ya kila mtu imwonyeshe saa yake.

## Hatua ya sita: hakikisha kwa tarehe, pande zote mbili za mabadiliko

Usiamini tofauti ya saa uliyoikariri. Pima kwa tarehe halisi, moja kabla ya mabadiliko na moja baada yake. Kwenye kompyuta ya Linux amri hii inatosha:

```
for z in America/New_York Asia/Dubai Asia/Tokyo; do
  TZ=$z date -d '2026-11-11 02:00 UTC' '+%a %F %H:%M %Z'
done
```

Kwa nafasi B ya kwanza utapata hivi:

```
Tue 2026-11-10 21:00 EST
Wed 2026-11-11 06:00 +04
Wed 2026-11-11 11:00 JST
```

Soma mstari wa kwanza polepole: New York ni tarehe 10, si 11. Kisha badilisha tarehe iwe `2026-07-15` na uendeshe tena. New York itasoma 22:00 EDT, palipofungwa, na hapo umejionea kwa nini B haifai majira ya joto. Asiyetumia amri za kompyuta anaweza kupata uhakika huohuo kwenye kalenda: fungua kikao cha Oktoba na cha Novemba, kisha ubadilishe ukanda wa kuonyesha uwe Tokyo. Saa ya A ikiwa 21:00 kwenye vyote viwili, umefunga vizuri. Ikisoma 21:00 kwenye kimoja na 22:00 kwenye kingine, bado umefungwa kwa New York.

## Mtu akiingia saa moja kabla au baada

Hutokea wiki ya kwanza baada ya mabadiliko, na chanzo hujulikana kwa kutazama nani amekosea. Dubai na Tokyo wote wakiona muda umehama huku New York haujahama, mfululizo umefungwa kwa ukanda wa New York. Usiusogeze kwa mkono wiki hiyo tu, kwa kuwa Machi utaharibika upande wa pili. Ufute kuanzia tarehe hiyo na uunde upya.

New York peke yao wakikosea, mara nyingi mtu alinakili muda kwenye shajara yake au kwenye kengele ya simu kwa saa za msimu uliopita. Na mtu mmoja akikosea ilhali wenzake wa mji huohuo wako sawa, angalia mipangilio ya kifaa chake. Huenda amechagua saa isiyobadilika kama `GMT-5` badala ya jina la mji, au kifaa hakijasasishwa kwa muda mrefu. Sasisho si jambo dogo. Serikali hubadilisha sheria hizi: Mexico iliacha kusogeza saa karibu nchi nzima mwaka 2022, Misri ikairudisha 2023, na Machi 2023 serikali ya Lebanon iliahirisha kusogeza saa siku chache kabla ya tarehe, wengine wakakataa, na kwa muda nchi moja ikawa na saa mbili. Kifaa chenye taarifa za zamani hakiwezi kujua hayo.

Tahadhari moja kuhusu wageni. Mkimkaribisha mtu wa Ulaya kwenye kikao kimoja, kumbuka kwamba Ulaya husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kati ya 8 na 29 Machi 2026, na kati ya 25 Oktoba na 1 Novemba, tofauti yake na New York ni pungufu kwa saa moja kuliko alivyozoea. Mpe muda kwa saa za mji wake na tarehe yake.

## Tangazo la kabla ya mabadiliko

Wiki mbili kabla ya kila mabadiliko tuma ujumbe mfupi, hata kama kalenda imepangwa sawasawa, kwa kuwa watu hupanga pia vitu visivyo kwenye kalenda: usafiri, watoto, mlo wa jioni. Usiseme "saa zinabadilika, angalieni kalenda". Taja kila mji na saa yake, ukianza na wale ambao muda wao unahama:

"Kuanzia Jumatano 4 Novemba: kikao A New York kinahama kutoka 8:00 kwenda 7:00. Dubai kinabaki 16:00, Tokyo kinabaki 21:00. Kikao C kinakwisha tarehe 28 Oktoba. Badala yake kuna kikao B kuanzia 11 Novemba: Dubai 6:00 Jumatano, Tokyo 11:00 Jumatano, New York 21:00 Jumanne tarehe 10. Alama hadi mwisho wa Oktoba: New York 57, Tokyo 64, Dubai 0. Mwenye tatizo na muda wake mpya aniandikie kabla ya tarehe 28."

Alama hizo ndizo za majira ya joto baada ya kugeuza vikao viwili kuwa C. Zitaje kila mara unapotuma tangazo, kwa sababu Dubai anayeambiwa aamke mapema miezi minne atakubali kwa urahisi akiona sifuri yake kando ya 64 ya Tokyo.